Siku yangu wodini, mimi "mnyima chakula"

Mimi ni afisa lishe katika hospitali moja hapa Tanga. Watu wengi hudhani kazi yangu ni kuonja uji wa wagonjwa. Hii ni Jumanne moja.

Saa 12:30 asubuhi napanda daladala ya mjini. Saa 1:30 nimepokea ripoti ya usiku, nimepima watoto wawili, nimeandika vyakula vya wagonjwa wa kisukari. Hapo hakuna cha kusimulia.

Saa 3 nafika kwa mzee wa kitanda cha dirishani, aliyelazwa jana. Tangu azike mkewe alikuwa anadokoadokoa tu, na siku 12 za mwisho hakutia kitu mdomoni ila maji na chai ya rangi. Kilo 38, urefu mita 1.63. Mtu wa hivyo hapewi sahani. Anaanza na kalori 10 kwa kila kilo, yaani 380 kwa siku nzima. Kwa F-75, maziwa ya tiba ya wenye utapiamlo mkali, ni kama nusu lita, tukiigawa kila baada ya saa 3. Kila mlo unakuwa kama kikombe cha kahawa, vile vidogo vya barazani. Na kabla ya kikombe cha kwanza kabisa alishapewa vitamini B1, miligramu 300 kwa siku, maana mwili hauwezi kuchoma sukari vizuri bila hiyo, na akiba ya mwenye njaa ilikwisha zamani.

Saa 4 na kitu, dada yake anaingia kutoka Pangani na hotpoti. Wali wa nazi, samaki, na chupa ya juisi ya miwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesikia mnampa kaka yangu maziwa ya kumpa paka."

Nikamweleza. Akaniambia nina roho mbaya. Nikarudia. Akawaita wagonjwa wa jirani washuhudie. Mwishoni akasema, "Basi kama chakula hamtaki, mtundikieni dripu ya maji ya sukari." Hapo nilivuta kiti, kwa sababu hata wahudumu wengine hufikiri hivyo. Lita moja ya dripu ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari. Mwili haujali imepita kinywani au mshipani.

"Mama, unajua maji yakikatika mtaani yakarudi? Kila nyumba inafungua bomba kwa mara moja, presha inakwisha. Kaka yako kwa muda wote huu seli zake zimekauka chumvichumvi: fosfeti, potasiamu, magnesiamu. Akila sukari nyingi, insulini inaamka, seli zote zinavuta kwa pamoja, na damu inabaki tupu. Moyo unaanza kwenda mrama. Kifua kinakosa nguvu ya kuvuta pumzi."

"Lakini jana mlisema damu yake ni nzima."

Swali zuri, kuliko mengi ninayoulizwa. Jana damu ilikuwa nzima kweli, maana mwili wenye njaa huilinda damu na kuacha seli zikauke. Kipimo cha siku ya kwanza hakimwachii mtu ale atakavyo. Hatari kubwa ni siku tatu za mwanzo baada ya kuanza kula.

Alinyamaza. Nikadhani nimeshinda, nikaenda wodi nyingine.

Mchana sikumbuki vizuri. Sampuli ya fosfeti haipimwi kwetu, inapelekwa maabara ya nje kwa bodaboda, na bodaboda alichelewa. Nilikula muhogo nimesimama. Jua lilikuwa kali kama kawaida ya huku. Niliporudi kwa mzee, mapigo yalikuwa 112 kwa dakika, vifundo vya miguu vimeanza kuvimba, na kwenye stuli kuna glasi yenye povu la miwa.

Sikugomba. Nilimwita daktari. Potasiamu ilikuwa 3.8 jana, leo 2.9. Majibu ya fosfeti yalipofika jioni yalisoma 0.42, wakati tunataka isishuke chini ya 0.8. Daktari aliandika fosfeti na potasiamu za mshipani, ziende taratibu, magnesiamu pia, maana ikipungua potasiamu haikai. Moyo ukawekwa chini ya mashine. Mimi nikapunguza maziwa hadi nusu, B1 ikaendelea. Kuacha kumlisha kabisa kungemrudisha kwenye njaa.

Dada yake alikuwa anatazama namba za mashine. "Ni ile juisi?"

"Imechangia, mama. Hata maziwa peke yake yangeweza kuishusha fosfeti, ndiyo maana tunapima kila siku."

Saa 1 usiku nilikuwa bado namwandikia nesi wa zamu kiasi cha kila mlo, na miguu inawaka moto. Fosfeti ikipanda kesho tutarudi kwenye kalori 380, halafu tupande kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Isipopanda, tunabaki hapo hapo. Hotpoti la wali alikula nesi wa zamu na mimi.