Jinsi kobe asiyesema neno alivyoliokoa igizo letu la Kidato cha Pili

Mwalimu mmoja aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi aliwahi kunishauri kwamba wanafunzi wanapoigiza ngano, mtambaji asimame mwishoni alitaje funzo waziwazi, ili hata aliyekuwa akisinzia asikose alama. Niliufuata ushauri huo mara ya kwanza hapa Tabora, na nimeujutia hadi leo. Mtambaji wangu alihitimisha kwa kusema, "Hadithi hii inatufundisha tusiwe wavivu," watu wakapiga makofi, na kesho yake nilipowapa wanafunzi 58 karatasi waandike mafunzo waliyoyapata, nilisahihisha sentensi moja mara 58, na katika karatasi kadhaa hata kosa la tahajia lilikuwa lilelile.

Mwaka uliofuata nilirudia ngano ileile, ya kisima cha wanyama, kwa sababu karibu kila nyumba ina namna yake ya kuisimulia. Ukame unaingia, wanyama wanakubaliana kuchimba kisima, Sungura anakataa kushiriki, na maji yanapopatikana anapigwa marufuku kuyagusa. Usiku anakuja kuiba. Fisi anawekwa alinde, Sungura anamlaghai kwa asali, anamfunga kamba, anakunywa, kisha anaoga humohumo na kuyachafua maji. Mwishowe Kobe anapakwa ulimbo mgongoni na kujizamisha kisimani. Sungura anamkanyaga akidhani ni jiwe, ananasa, na asubuhi anafikishwa mbele ya baraza la wanyama.

Sikuwaandikia mazungumzo ya kukariri. Niliandika matukio saba ubaoni, kila moja kwa sentensi moja, nikawaachia watunge maneno yao papo hapo, na katibu wa kila kundi akanakili kauli zilizofaa. Kauli hizo ndizo zilizokuja kuwa tamthiliya iliyoandikwa, kwa hiyo kazi ya utunzi ilifuata igizo badala ya kulitangulia, na nawashauri wenzangu wasiugeuze mpangilio huu.

Sasa niieleze aibu yangu. Kwa kuwa tuko Tabora, ambako asali haitafutwi mbali, niliona ni uzembe Fisi alambe hewa. Nilinunua chupa moja kwa bei ambayo mke wangu hakuifurahia, nikaimimina kwenye kibuyu, tukaenda kufanya mazoezi saa tisa alasiri chini ya mwembe nyuma ya madarasa. Fisi wetu, kijana mwenye bidii kupita kiasi, hakulamba tu. Alikitumbukiza kiganja kizima, akajipaka hadi kwenye kinyago chake cha boksi, huku wenzake wakimshangilia. Nyuki wa kwanza alipofika tulimcheka. Walipofika kama ishirini, Sungura alikuwa ameshamfunga Fisi kamba mikononi kama hadithi inavyotaka, tena kwa fundo la kweli, kwa sababu nami nilikuwa nimesisitiza uhalisia. Mtu mzima, mwenye shahada, nilikimbia na mwanafunzi aliyefungwa kamba nikiwa nimemfunika koti langu kichwani, wanyama wote wa porini wakitutangulia kuingia maabara. Aliumwa mara mbili sikioni, nami mara nne, na namshukuru Mungu kwamba hakuna mwenye mzio wa nyuki aliyekuwapo. Jambo hilo nilipaswa kuliuliza kabla sijafungua kizibo.

Tangu siku hiyo kibuyu ni kitupu, na igizo likawa bora. Nilimwambia Fisi afumbe macho kila anapolamba, na afumbe kwa muda mrefu zaidi kila mara. Kamba ilizungushwa wakati macho yamefumbwa, bila purukushani yoyote. Watazamaji wakaona kwa macho yao kwamba Fisi hakushindwa nguvu. Alitoa mikono mwenyewe. Mwaka uliotangulia hakuna aliyeligundua hilo, kwa sababu tulikuwa tunamwangusha chini kwa mieleka.

Ulimbo nao tuliuigiza bila gundi. Wanafunzi wanane waliketi duara wakishika kitenge cha buluu, hicho ndicho kisima, na walikishusha kidogo kila Sungura alipokunywa, hivyo wizi ukawa unapimika. Sungura alipokanyaga ungo uliofungwa mgongoni mwa Kobe, ngoma ilinyamaza ghafla na waliobaki wote wakaitikia, "Nata!" Mguu wa pili, "Nata!" Mkono, "Nata!" Kwa njia hiyo darasa zima lilipata kazi, na hakuna aliyebaki akichora kwenye dawati.

Nafasi ya Kobe nilimpa msichana aliyekataa katakata kusema mbele ya watu. Sikuwa na hekima yoyote katika hilo. Nilitafuta tu mahali pa kumficha. Sungura alipofika kisimani alianza kama alivyozoea: akasalimia, akasifu, akaahidi asali, akatania. Kobe kimya. Akauliza tena, kwa sauti iliyoanza kutetereka. Kobe kimya. Ukumbi mzima ukatulia kiasi kwamba nilisikia kitenge kikichezacheza.

Siku ya onyesho nilimkataza mtambaji kutaja funzo, tena nililikata igizo mahali ambapo Simba anainuka kutoa hukumu. Watazamaji, yaani madarasa mengine mawili na wazazi wachache, wakawa ndio baraza. Kanuni ilikuwa moja: hakuna kusema "tusiwe" jambo fulani, kila msemaji ataje kwanza tendo au kauli aliyoiona jukwaani, na aseme nani alinufaika na nani aliumia. Mzee mmoja alisimama kudai Sungura auawe, kwa kuwa angalau kiu ni haki lakini kuyachafua maji ni uovu mtupu. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza akamjibu, "Shikamoo babu. Mimi niliona Tembo anakunywa wa kwanza na kitenge kikashuka sana kuliko alipokunywa Sungura, na hakuna aliyemuuliza alichimba kiasi gani." Wanafunzi walioshika kitenge hawakuwa wamepanga hilo, walikishusha tu kwa kufuata ukubwa wa mnyama. Ubishi ukachukua dakika arobaini, kipindi kizima, na Simba alisimama muda wote huo akingoja.

Darasani baadaye nilileta miisho miwili ambayo wanafunzi walikuwa wameikusanya kwa bibi na babu zao. Katika mmoja Sungura anauawa. Katika mwingine anaomba ashikwe mkia na kuzungushwa kabla ya kupigwa chini. Ngozi ya mkia inachomoka, naye anatoroka. Tuliigiza yote miwili, na kila baada ya mwisho waliandika funzo upya kwa muundo huu: "Funzo ni hili, kwa sababu wakati fulani mhusika fulani alifanya hivi." Hapo ndipo walipoelewa kwamba dhamira, yaani suala linalozungumzwa, ilibaki ileile, umoja na uvivu, ila ujumbe uligeuka: mwisho wa kwanza unailinda kazi ya jamii, wa pili unausifu ujanja wa mdogo mbele ya wakubwa. Wengi walishangaa kuona walimshangilia Sungura katika mwisho wa pili huku dakika kumi zilizopita walitaka afungwe.

Safari hii karatasi 58 hazikufanana. Chache bado zilikuwa za uvivu, na sikuzikata alama, kwa kuwa zilikuwa na ushahidi. Karatasi ya Kobe wetu ilikuwa fupi kuliko zote: "Funzo ni kwamba mlinzi asijibizane na mwizi, kwa sababu Fisi alijibu salamu ndipo akafungwa, na mimi sikujibu." Nilimwomba aisome mbele ya darasa. Alikataa, akampa Fisi amsomee.