Mchi Wangu Umepinda Upande Mwingine

Mwaka 2018 nilikuwa nafanya mazoezi kwenye jimu moja ya uani, Sinza, mabati juu na feni mbili, moja mbovu. Kocha alikuwa na sheria moja ya skwati: miguu upana wa mabega, vidole vitazame mbele. Rafiki yangu alikuwa anashuka hivyo hadi chini bila taabu. Mimi nikifika nusu, kinena kinabana kwa mbele na mgongo wa chini unajikunja. "Umekakamaa, nyoosha misuli," kocha akasema. Nikanyoosha miezi mitatu. Kinena kikabaki vilevile.

Jirani yetu mmoja, mtaalamu wa fiziotherapia, alinikuta kibarazani nachechemea. "Mdogo wangu, lete mkeka." Kwanza akanichuchumaza visigino vikiwa juu ya kipande cha ubao. Kama shida ingekuwa vifundo vya miguu, hapo ningeshuka. Wapi! Kinena kilibana palepale.

Akanilaza kifudifudi, goti nimelikunja, akauachia mguu uanguke nje. Haukufika mbali. Akauvusha upande wa ndani, ukaenda mbali mno. (Usidanganyike kama mimi: mguu ukianguka nje, paja ndilo linazunguka ndani.) Rafiki yangu, aliyekuwa amenipitia twende mpirani, naye akalazwa. Kwake ikawa kinyume kabisa.

Yule jirani akanyanyua mchi, akauegemeza ndani ya kinu. "Kinu ni tundu la nyonga, mchi ni shingo ya mfupa wa paja. Ukiulaza sana, unagonga ukingo. Huko kugonga ndiko unakokusikia kwenye kinena."

Shingo hiyo, akasema, kwa watu wazima wengi huelekea mbele kidogo, kama digrii 15. Wengine huzidi sana. Wengine hukaribia sifuri au huelekea nyuma. Tundu nalo hutofautiana: likitazama mbele kidogo tu, ukingo wa mbele hufunika zaidi na mfupa huugonga mapema. Kwangu alihisi shingo imeelekea nyuma, ingawa hayo yalikuwa makisio ya mkono. Kipimo kamili hutoka kwenye picha za sitii skani. Na kwa mtu mzima, kunyoosha misuli hakugeuzi mfupa.

Mwisho akaniweka kwa magoti na mikono, nirudishe makalio kuelekea visigino. Magoti yakiwa karibu, mgongo ulijikunja mapema. Akayatanua kidogo kidogo hadi nikarudi mbali bila mgongo kujikunja. Akachora chaki sakafuni: nyayo pana kuliko mabega, vidole nje kama digrii 30. Nikachuchumaa. Nikashuka mpaka chini, kinena kimya. Rafiki yangu akajaribu alama zilezile, magoti yakawa yanamwangukia ndani.

Jumatatu nikajipanga chini ya chuma cha kilo 40. Kocha akapita, akausukuma mguu wangu wa kulia ndani kwa ncha ya kiatu. Nikasubiri ageuke, nikautoa tena.