Kuomba siku za kwenda Kiomboi

Mwaka 2021 nilikuwa nafanya kazi za ndani Nkuhungu, hapa Dodoma, kwa familia iliyotoka Dar es Salaam wakati serikali inahamia makao makuu. Nilikuwa nimepitisha mwaka na ushee bila kukanyaga kwetu Kiomboi, wilaya ya Iramba, ambako nilimwacha mwanangu kwa mama yangu. Kila nilipogusia suala la kwenda kusalimia, Mama mwenye nyumba alinijibu, "Tutaona, dada, ngoja mtoto akue kidogo." Mtoto akakua, akatembea, akaanza kuvunja vikombe, na sisi bado tunaona.

Kizuizi nilikijua. Dada aliyenitangulia aliaga anakwenda kwao Kondoa wiki moja, akalipwa hela yake yote, akabadilisha laini ya simu na hakuonekana tena. Kisa hicho Mama aliwasimulia wageni mara nyingi nikiwa nawawekea chai mezani. Nikimwomba kwa mdomo jikoni, anamwona yule wa Kondoa, si mimi.

Jirani yetu alikuwa mwalimu mstaafu, mama mmoja mwenye tanki kubwa, ambaye tulichota maji kwake siku za mgao. Yeye ndiye aliyesema, "Mwandikie. Maneno ya jikoni yanaishia jikoni." Nikacheka. Nimwandikie barua mtu ninayelala kwake? Lakini jioni nilikwenda na daftari.

Mwanzo tu ulitupa shida. Shuleni tulifundishwa anwani ya mwandishi inakaa kulia juu, ya mwandikiwa kushoto chini yake. Zangu zote mbili zilikuwa nyumba ileile, mtaa uleule. Mwalimu akasema tuache anwani, tuweke tarehe tu na kichwa: YAH: KUOMBA RUHUSA YA KWENDA KUSALIMIA FAMILIA. Nikaanza kwa "Mama, shikamoo", kwa sababu "Ndugu Mwajiri" ingemfanya aone nimeshaanza kesi.

Sababu nilitaka kuandika "matatizo ya kifamilia", kama wanavyoandika wengi. Mwalimu akakataa. Alisema hayo ndiyo maneno ya mtu anayetaka kutoroka, hayana pa kushikika. Basi nikaandika kwamba mama yangu amelima ekari mbili za alizeti, vichwa vimeshakatwa na kuanikwa, vinasubiri kupigwa na kupepetwa, na hana mtu wa kumsaidia. Na kwamba mwanangu ana miaka minne sasa, sijamwona tangu nianze kazi. Mwezi Juni alizeti ya Iramba ndipo ilipo, na mtu yeyote mwenye ndugu Singida anaweza kupiga simu akaulizia.

Kisha siku. Mwalimu alijua sheria kuliko nilivyotegemea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka, na dada wa nyumbani yumo humo. Mwajiri ndiye anayeamua lini, ila asiisogeze likizo zaidi ya miezi 6 baada ya mwaka kuisha, labda mwenyewe ukubali na kazi iwe inadai hivyo. Na mshahara wa siku hizo hulipwa kabla hujaondoka. Mimi nilitamani zote 28. Mwalimu akaniuliza, "Nyumba yenye mtoto wa miaka miwili itakaa bila wewe mwezi mzima?" Tukaandika kuwa naomba 14, kuanzia Jumamosi tarehe 12 hadi Ijumaa tarehe 25 Juni, na siku za njiani zimo humo humo, "katika siku zangu 28 za mwaka". Sheria hatukuitaja kwa jina. Maneno hayo machache yalitosha kuonyesha kwamba najua, na kwamba 14 zilizobaki hazijafutika.

Sehemu ndefu kuliko zote ilikuwa ile ya kumwondolea Mama hofu ya Kondoa. Niliandika njia: basi la asubuhi kutoka stendi ya Nzuguni hadi Singida, kisha gari la kushuka Misigiri, kisha Kiomboi. Nikaweka namba ya mama yangu na ya mwenyekiti wa kitongoji, baada ya kuwaomba kwanza. Nikaandika kwamba begi langu kubwa na godoro nililonunua mwenyewe naviacha chumbani. Kuhusu kazi, nilimpendekeza binti wa dada yake Mama, aliyekuwa amemaliza mitihani ya kidato cha sita mwezi Mei na yuko tu nyumbani. Niliahidi kukaa naye siku mbili kabla sijaondoka nimwonyeshe uji wa mtoto, dawa yake ya pumu iko wapi, na kwamba maji yakitoka usiku wa Jumanne lazima aamke kujaza mapipa, maana hayasubiri asubuhi.

Mwisho, pesa. Mshahara wangu ulikuwa 60,000. Nilituma nyumbani 30,000 kila mwezi na nyingine, kwa miezi saba ya mwisho, Mama alinitunzia, kwa makubaliano yetu wenyewe. Ilikuwa imefika 210,000. Hapa mkono ulikuwa mzito. Niliandika hesabu mwezi kwa mwezi, nikaomba nipewe hiyo pamoja na mshahara wa Juni.

Nilimpa barua baada ya chakula cha usiku. Akaisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba wake wa kazini. Kesho yake kimya. Keshokutwa kimya. Nilianza kufikiri ameipeleka ofisini waicheke.

Siku ya tatu waliniita sebuleni wote wawili. Baba ndiye aliyeishika. Akaniuliza, "Hii umeandikiwa na nani?" Nikasema mwandiko ni wangu, ushauri wa jirani. Mama akasema siku 14 ni nyingi, nichukue saba. Nikamjibu kwamba njia tu inakula mbili, na alizeti ya ekari mbili haipigwi kwa siku tano na watu wawili. Tulifika 12. Kwenye pesa ndipo tulipovutana. Alitaka kunipa nusu, nyingine nikirudi. Nilimwambia, "Mama, mshahara wa Juni baki nao mpaka nirudi. Lakini akiba ni ya kulipia vibarua na mashine ya kukamulia mafuta. Nikienda mikono mitupu, mama yangu atauza gunia shambani kwa bei ya mlanguzi." Kwa sheria hata ile sehemu ya Juni ya siku za likizo ilikuwa nilipwe kabla, najua. Lakini yeye alihitaji kitu cha kushika, na mimi nilichagua kipi.

Baba akachukua kalamu, akaandika chini ya barua: "Imekubaliwa, 12–23 Juni. Akiba 210,000 imelipwa." Wakatia saini wote. Nikaomba nipige picha kwa simu ya jirani. Mama akanitazama vibaya kidogo, lakini akanipa.

Nilirudi tarehe 23 jioni na dumu la lita tano la mafuta ya alizeti na kuku mmoja wa kienyeji, aliyenisumbua njia nzima kuanzia Misigiri. Mshahara wa Juni nilikuta umewekwa kwenye bahasha juu ya kitanda. Binti wa dada yake Mama alikuwa ameshaondoka tangu juzi yake, mapipa yalimshinda.

Desemba nilimuuliza Mama kuhusu siku zangu zilizobaki. Alikuwa anasuka nywele, hakugeuka. "Andika barua," akasema.