Robota la kilo 45

Leo nimefungua robota la mashati ya mitumba hapa sokoni Gikomba. Kilo 45, na unalinunua likiwa limefungwa, huruhusiwi kuchungulia. Juu yalikuwa safi. Katikati zikaanza kola zilizochakaa na madoa ya jasho kwapani. Yasiyouzika nimeyapima: kilo 11. Ya pamba huchukuliwa na wanaokata matambara ya gereji. Ya poliesta hayanyonyi vizuri kama pamba, hayana mteja, na mengi huishia kingoni mwa Mto Nairobi.

Jirani yangu fundi zamani alishona mashati mapya kwa kitambaa cha viwanda vya hapa. Sasa anabana na kupunguza haya ya kwangu tu, maana kitambaa peke yake kinazidi bei ya shati langu zima. Inaniuma. Ndiye aliyenishonea sare ya shule.