Hukuitwa, ulibebeshwa

Neno la Shangazi limenikaa kooni tangu Jumamosi kama mwiba wa changu. Shughuli ya mdogo wangu imepita salama, mahari imetajwa, wazee wa upande wa pili wamekula pilau wakaomba na la kufungiwa, na ile barua yangu ya kupandishwa daraja imetoka baada ya kusubiriwa hadi nikaisahau. Hayo yote nitayaandika siku nyingine. Sasa hivi kichwani mna sauti moja tu, ya mwanamke anayesuuza bilauri.

Tulikuwa uani, wageni wameshaondoka. Nikamuuliza, "Shangazi, ile chati yangu uliitazama?"

"Niliitazama."

"Na ule wito?"

"Wito gani? Wewe hukuitwa, mwanangu. Wewe ulibebeshwa."

Akaweka bilauri kwenye sinia, akachukua nyingine.

Mnaomjua Shangazi mnajua kwamba falaki aliichukua kwa babu, na kwamba tangu apewe simu kubwa ameongeza na ya Wazungu. Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba nimegundua chati yangu ina yodi, ile wanayoiita Kidole cha Mungu, na nilivyoandika mtu angedhani nimeteuliwa kuwa balozi. Wengi wenu mlinipongeza. Shangazi hakusema kitu. Kumbe alikuwa anapima.

Kwa waliojiunga karibuni: yodi ni pembetatu nyembamba. Sayari mbili zinakaa nyuzi 60 baina yao, nao ni ujirani mwema, na kila moja iko nyuzi 150 kutoka sayari ya tatu iliyo peke yake upande wa mbali. Hiyo ya tatu ndiyo ncha. Kwenye zile nyuzi 150 watu wengi hawakubali zipungue au zizidi kwa zaidi ya mbili tatu, kwa sababu ukilegeza kipimo kila mtu atakuwa na kidole cha Mungu chake.

Nyuzi 150 ni umbali wa ajabu. Nyota zinazoachana hivyo hazina asili moja wala tabia moja. Wanajimu wa kale, akina Ptolemaio kule Aleksandria katika karne ya 2, walizihesabu kuwa hazionani kabisa, na kwao mtazamo ulikuwa wa nyuzi 60, 90, 120 na 180 basi. Ndiyo maana babu, na falaki yake yote, asingekuelewa ukimtajia yodi. Huo ni usomaji wa wanajimu wa Ulaya na Marekani wa karne ya 20. Wao walisema kwamba kutoonana nako kuna kazi yake: sayari ya nchani inasukumwa na mbili zinazoelewana zenyewe kwa zenyewe lakini haziwezi kuelewana nayo, kwa hiyo haipumziki, kila siku inajirekebisha. Hapo ndipo njia zinapoachana. Wapo wanaosema kutopumzika huko ni wito. Wapo wanaosema ni mkazo tu, mahali ambapo mtu anachakaa mapema.

Yangu ni hii. Nimezaliwa tarehe 31 Mei 1988. Siku hiyo Jua lilikuwa karibu nyuzi ya 10 ya Mapacha, Neptuni karibu nyuzi ya 10 ya Mbuzi, Pluto karibu nyuzi ya 10 ya Nge. Hesabu mwenyewe, inafunga vizuri mno. Ncha ni Jua, yaani nafsi yenyewe, jina la mtu, heshima yake. Mapacha ni hewa, Mbuzi ni udongo, Nge ni maji. Na mwenye nyumba ya Mapacha ni Utaridi, ambayo siku hiyo ilikuwa humohumo Mapacha, kwake, ingawa ilikuwa inajiandaa kurudi nyuma. Hilo la Utaridi ndilo lililonipa jeuri ya kuandika "wito". Ncha ambayo mwenyeji wake yuko nyumbani ina mtu wa kumpokea.

"Shangazi, lakini Utaridi iko kwake."

"Iko kwake. Na wewe uko kwako?"

Hilo nalo sijalijibu.

Juzi zamu ya usiku ilikuwa tulivu, nikakaa na kalamu. Jambo la kwanza lililonipunguzia makuu ni hili: Neptuni na Pluto zimekuwa zikitembea kwa nyuzi takriban 60 baina yao tangu miaka ya 1940, kwa vipindi virefu sana. Kitako cha yodi yangu basi si changu, ni cha vizazi. Jua hutembea karibu nyuzi moja kwa siku, kwa hiyo kila aliyezaliwa siku mbili kabla yangu au mbili baada yangu, mahali popote duniani, ana kidole hichohicho kimemwelekea. Wodi nzima ya siku ile. Aliyelala kitanda cha jirani na mama, mtoto wake naye kaitwa? Na 1987 na 1989, wiki zinazokaribiana na hiyo, vilevile. Mungu hawezi kunyoosha kidole kwa umati halafu kila mmoja akadhani ni yeye tu. Au anaweza, lakini mimi nisingejisifu.

Kinachoifanya yodi ya namna hii kuwa ya mtu mmoja ni vitu viwili vinavyokwenda mbio: nyota inayochomoza mashariki dakika unayozaliwa, ambayo ndiyo inayogawa nyumba kumi na mbili, na Mwezi. Vyote viwili vinataka saa. Na saa yangu, jamani, ni hii kadi ya kliniki iliyokunjika mara nne, wino wa buluu umekuwa kama chai, imeandikwa "3.00". Hamna asubuhi wala usiku.

Mimi ndiye ninayeandika saa za kuzaliwa za watoto wa watu. Naandika 09:00 kwenye rejista, mama yake ananiuliza saa ngapi, namwambia saa tatu, anakwenda kumwambia baba mtu saa tatu. Kila mmoja anasema kweli. Lakini aliyeandika "3.00" mwaka 1988 alikuwa anahesabu ya kizungu au ya kwetu? Ikiwa ya kizungu, nimezaliwa saa tisa usiku. Ikiwa ya kwetu, saa tatu asubuhi. (Mchana na jioni mama amezikataa, adhuhuri alishaletewa uji na mimi nikiwa pembeni.) Baina ya hizo mbili ni saa sita, na saa sita kwenye chati ni dunia nyingine.

Saa tisa usiku, pale Tanga, Punda ndiyo inayochomoza. Mapacha inakuwa nyumba ya tatu, ya ndugu, barua, maneno, safari fupi. Jua la nchani katika nyumba ya tatu ni mimi wa blogu hii, mimi niliyewasomesha wadogo zangu, mimi ninayetumwa kusuluhisha kila ugomvi wa ukoo. Mtu anaweza kuuita wito bila kuona haya.

Saa tatu asubuhi inachomoza Kaa, na Mapacha inatupwa nyumba ya kumi na mbili. Hiyo ni ya hospitali na magereza, ya kazi zisizoonekana, ya kuchoka kwa ajili ya watu wasiojua jina lako. Jua halipendi kukaa humo. Shangazi alisoma hiyo. Alikuwa ameiona kadi zamani, akachukua saa ya Kiswahili kwa sababu, nanukuu, "nesi wa hapa angehesabu ya wapi?"

Mimi sikupenda, nikampigia mama saa moja asubuhi nikitoka zamu, nikitaka anipe saa tisa usiku.

"Mama, nilizaliwa kabla ya jua au baada?"

"Nilikuwa na uchungu, ningetazama saa ya nani?"

"Adhana ya alfajiri uliisikia?"

Kimya kidogo. "Niliisikia. Ilinikuta nalia. Wewe ulikuwa bado hujaanza kulia."

Nilicheka peke yangu barabarani hadi mwenye bodaboda akageuka. Basi, saa tatu asubuhi. Shangazi kashinda. Halafu mama akaongeza: "Na mwezi ulikuwa umejaa, ilikuwa katikati ya Mfungo Mosi, ulituangazia njia nzima." Hapo nikaacha kucheka, nikakimbilia kalamu.

Maana mwezi mpevu ulitimia siku hiyohiyo, 31 Mei, adhuhuri imeshapita kidogo kwa saa za kwetu. Mwezi mpevu ni Mwezi kulikabili Jua, na Jua langu ndilo ncha. Kinachokaa mkabala na ncha kinakaa katikati kabisa ya zile sayari mbili za kitako, na wasomaji wa yodi wanahesabu kwamba mahali hapo ndipo msukumo unapotokea. Pakiwa patupu, mtu hungoja sayari ipite. Mimi Agosti 2016 Zohali iligeukia hapohapo, karibu nyuzi ya 10 ya Mshale, na mnakumbuka mwaka ule tulimzika nani na nani walihamia kwangu. Pakiwa na sayari ya kuzaliwa nayo, mlango uko wazi tangu siku ya kwanza.

Ningezaliwa saa tisa usiku, Mwezi ungekuwa bado nyuma kwa nyuzi tano hivi, nje ya kipimo. Saa tatu asubuhi ulikuwa umebakiza mbili na kitu. Umo. Tena Kaa ikichomoza, Mwezi ndio mwenye chati nzima, na umekaa nyumba ya sita, ya kazi za kila siku na maradhi, ya mikono. Saa ileile iliyoninyang'anya nyumba ya tatu ndiyo iliyonipa mlango.

Nimemtumia Shangazi haya yote kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba. Mimi nasoma hivi: Jua la namna hii likiachwa lenyewe ni mkazo, linataka kuonekana mahali pasipo na taa. Linatulia pale Mwezi unapopata kazi, kuogesha, kulisha, kufunga kitovu. Dalili ya kuutambua mkazo ni kwamba unachoka hata siku ya mapumziko, na mimi siku ya mapumziko ndiyo ninayochoka. Zamu sichoki.

Amejibu usiku huu. "Nimesikia. Kwani nilikwambia ulibebeshwa kitu kibaya?"

Sasa ndiyo nini hiyo? Jumamosi angeshindwa nini kusema hivyo? Na mama naye kanipigia tena kusema huenda ile adhana ilikuwa ya mdogo wangu, siyo yangu.

Halafu leo mchana, nimelala, mwenye nyumba kaja na mtu mwenye futi kamba. Wamepima uwanja wote hadi kwenye ukuta wa choo, wakaandika, wakaondoka bila kubisha hodi kwa yeyote. Jirani anasema hata yeye hakuambiwa kitu. Kodi nimelipa hadi Desemba.