Kutoa mtoto kwenye akademi ya mpira: hesabu siku

Wazazi wa Lubumbashi, kama mumelipa akademi miezi 3 mbele, siku ya kupeleka barua ndiyo inaamua pesa itakayorudi.

Tuseme mwezi ni dola 20, mumelipa 60 kwa Septemba mpaka Novemba, na karatasi ya kuandikisha inadai taarifa ya siku 30. Barua ikipokelewa tarehe 1 Oktoba, siku 30 zinaisha tarehe 31, na dola 20 za Novemba zinarudi zote. Ikipokelewa tarehe 10, zinaisha tarehe 9 Novemba. Zinabaki siku 21, yaani dola 14. Lakini kama imeandikwa "mwezi ulioanza unalipwa wote", hamurudishiwi kitu. Mstari huo usomeni mbele ya yote.

Kuna mtego mwingine: punguzo. Kama mulilipa 54 badala ya 60, na mtoto anaishia Oktoba, akademi nyingi zitahesabu miezi miwili kwa bei kamili, 40, kisha zirudishe 14, si 18. Kama karatasi haisemi hivyo, daini 18.

Kumwambia kocha uwanjani hakuhesabiwi (kocha mwenyewe hashiki kasha). Pelekeni barua mbili sekretarieti: moja inabaki, ya pili inarudi na tarehe, sahihi na muhuri. Andikeni jina la mtoto, siku ya mwisho, namba ya risiti, na kiasi munachodai, kwa dola. Pesa ya kuandikisha na jezi, sahauni.