Siku moja mezani na uwanjani: bustani kwa skeli ya 1:50

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko uwanjani na msaidizi wangu, umande haujakauka. Kiwanja ni mita 24 kwa 15. Pande zote nne zimetoka vizuri kwenye futi ya kamba, na kijana alishaanza kukunja vifaa. Nikamwambia ngoja, tupime kona kwa kona. Kiwanja kingekuwa na pembe mraba kamili, mishazari yote miwili ingekuwa mita 28.30. Wa kwanza ulisoma 27.80, wa pili 28.80.

"Tumekosea kupima, fundi?" akauliza.

Tukarudia, futi ikiwa imevutwa barabara bila kulegea, ikasoma vilevile. Futi haina kosa. Kiwanja ndicho kimelala upande, na ukuta wa nyuma umesogea karibu sentimita 59 kutoka pale ambapo pembe mraba ingeuweka. Ndiyo maana simwamini mtu anayeniletea urefu na upana peke yake.

Kabla ya kuondoka nikaweka ndoo ya lita 20 chini ya bomba, koki imefunguliwa yote. Ilijaa kwa sekunde 60, yaani lita 1,200 kwa saa. Nikaandika namba hiyo pembeni ya daftari, chini ya mshale wa kaskazini.

Saa tatu niko mezani. Kwa 1:50 kila mita moja ni sentimita 2 kwenye karatasi, kwa hiyo kiwanja kinachukua sentimita 48 kwa 30 na kinakaa vizuri kwenye karatasi ya A2. Nachora ukuta wa mbele kwanza. Kona ya kwanza ya nyuma naitafuta kwa tao mbili zinazokatana: moja ya sentimita 30 kutoka kona ya karibu, nyingine ya sentimita 55.6 kutoka kona ya mbali. Bikari yangu haifiki huko. Natumia ukanda wa kadi ngumu uliotobolewa matundu mawili, pini tundu moja, ncha ya penseli jingine. Uzi hautufai hapa, kwa sababu unavutika. Kona ikatua sentimita 1.2 pembeni ya pale ambapo ningeiweka kwa mazoea. Ningechora mstatili, njia ya ukutani ingefika mwisho ikiwa nyembamba na fundi angeanza kubuni.

Saa tano, njia. Nimeipa mita 1.2, yaani sentimita 2.4, ili toroli lipite bila kukwaruza mimea.

Baada ya chakula ndipo naweka miti, na hapa situmii haraka. Duara la mti nalichora kwa upana wa mwavuli wake ukishakomaa. Mche wa leo haunisaidii kitu. Mti mkubwa wa bustani hii utafika mita 6, kwa hiyo duara ni sentimita 12, na katikati naweka msalaba mdogo unaoonyesha shimo linapochimbwa. Vichaka vina duara lenye kingo za mawimbi, mimea ya kufunika ardhi ina vitone. Kila alama ina herufi yake, na herufi hizo zinarudi kwenye jedwali la pembeni pamoja na idadi ya miche.

Saa tisa naweka karatasi angavu juu na kuchora maji kwa bluu. Bomba kuu, mstari mnene, lilikuwa linapita nusu mita kutoka kwenye ule msalaba. Nikalihamishia ng'ambo ya njia, kwa sababu mizizi ikinenepa italisukuma, na mwenye bustani ataona udongo umelowa bila kujua chanzo. Pale linapokatiza njia nimechora bomba pana la kulipitishia kwa mistari ya vipande, nikaandika: LITANGULIE KABLA YA MAWE.

Kisha hesabu. Matuta ya mboga yana mipira 8 ya matone, kila mmoja mita 9, tundu kila sentimita 30. Hiyo ni matundu 30 kwa mpira, kila tundu lita 2 kwa saa, jumla lita 480. Maua na ua wa pembeni vinahitaji lita 960. Vikifunguliwa pamoja ni 1,440, na ndoo ya asubuhi ilisema 1,200. Matundu ya mwisho yangekosa maji huku ya mwanzo yakilowa. Nikagawa kanda mbili, kila moja na koki yake, zimwagiliwe kwa zamu.

Saa kumi na moja nampa kijana rula: "Mti mkubwa uko umbali gani na ukuta?" Akapima sentimita 8.4, akasema mita 4.2. Sawasawa. Mwisho nikachora chini mstari wa sentimita 10 wenye vipimo, 0 hadi mita 5. Mchoro ukinakiliwa kwenye karatasi ndogo, maandishi 1:50 yatakuwa uongo, lakini mstari huo utapungua pamoja na bustani.